Inakata au inagusa, sawa au sambamba?

*Mwalimu, tunasoma kalkulasi ya vigeu viwili hapa Dodoma na kundi letu limebishana. Kwenye nukta ya kilele, mkunjo wa sharti unaikata kontua au unaigusa? Na zile gradienti mbili tuseme ni sawa au ni sambamba?*

Andikeni "unaigusa" na "ni sambamba". Sababu haimo kwenye kamusi, imo kwenye hesabu yenyewe, kwa hiyo tufanye hesabu.

Mkulima wa zabibu kule Hombolo ana waya wa mita 120. Anataka kuzungushia kitalu cha mstatili ambacho upande mmoja tayari una ukuta, hivyo waya utakwenda pande tatu tu. Upande unaotazamana na ukuta tuuite x, na kila upande unaotoka ukutani y. Sharti ni x + 2y = 120, na tunatafuta eneo kubwa kabisa, f = xy. Sharti hapa ni mstari ulionyooka, lakini maneno hayabadiliki hata likiwa duara. Kontua ni nukta zote zenye eneo moja, mfano xy = 1600.

Simameni kwanza kwenye (40, 40). Waya umetosha na eneo ni mita za mraba 1600. Sasa sogeeni juu ya mstari wa sharti hadi (42, 39): eneo limepanda hadi 1638. Mkirudi nyuma hadi (38, 41), linashuka hadi 1558. Mstari umetoka upande wa maeneo madogo, umepita kwenye kontua na kutokea upande wa maeneo makubwa. Hiyo ndiyo kukata: kinachokata hutokea ng'ambo. Maadamu sharti linaikata kontua namna hii, kuna mahali pazuri zaidi mbele, na aliyeandika "inakata" kwenye kilele ameandika kwamba bado hajafika.

Nendeni (60, 30). Eneo ni 1800. Mkisogea hadi (62, 29) mnapata 1798, na mkisogea hadi (58, 31) mnapata 1798 vilevile. Mstari umeifikia kontua ya 1800 na kubaki upande uleule. Umeigusa.

Sasa gradienti. Ya eneo ni (y, x), na kwenye nukta hii inakuwa (30, 60). Ya sharti ni (1, 2) popote. Zimelala kwenye mstari mmoja, ila urefu wake haulingani hata kidogo: ya kwanza ni mara 30 ya pili. Mkiandika "sawa" mtalazimika kuandika y = 1 na x = 2, na waya utakaotumika ni mita 4 badala ya 120. Neno likikosewa, na mlinganyo unakosewa. Mkiandika "sambamba", mlinganyo unakuja na kizidishi chake: y = λ, x = 2λ, kisha 2λ + 2λ = 120, λ = 30.

Ile 30 nayo ina maana shambani. Waya ukiongezeka mita moja, eneo kubwa kabisa linaongezeka kwa karibu mita za mraba 30. Kwa mita 121 ni 1830.125.

Msiseme pia kwamba gradienti "zinaelekea upande mmoja". Mkulima angeandika sharti lake kama 120 − x − 2y = 0, gradienti yake ingegeuka kuwa (−1, −2) na λ kuwa −30, lakini kitalu kingebaki kilekile. "Sambamba" hubeba hali zote mbili, na halipokei kiambishi: vekta sambamba, mistari sambamba.

Kuna mahali ambapo hata "inagusa" linahitaji uangalifu, na hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Chukueni f = y na sharti y = x³. Kwenye (0, 0) gradienti zote mbili ni (0, 1), kwa hiyo ni sambamba, na kontua y = 0 ndiyo tanjenti ya mkunjo. Hata hivyo mkunjo unapita: kushoto upo chini ya kontua, kulia upo juu. Unagusa na kukata kwa pamoja, na hapo hapana kilele wala bonde.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya mtihani andikeni kwamba gradienti ni sambamba na nukta ni ya kuchunguzwa, kisha mwichunguze. Kwa mkulima wetu linganisheni 1800 na miisho ya sharti, (120, 0) na (0, 60). Kote kuwili eneo ni sifuri, na nukta ya kuchunguzwa ni moja tu katikati. Hapo ndipo mnaandika "kilele".