Ofa ya msimu wa baridi: punguza bei ya kipimajoto, si ya dawa ya mafua

Baridi ya Juni hadi Agosti ikishuka Njombe na Mbeya, famasi hujaa watu wenye mafua na kikohozi, na ndipo yanapobandikwa mabango ya "Maliza mafua ndani ya saa 24". Ahadi hiyo haitekelezeki. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Mteja aliyeahidiwa saa 24, siku ya tatu bado anapenga kamasi. Atarudi kudai antibayotiki, ambayo haiui virusi, au atahamia duka la jirani.

Wewe mwenye famasi, andika kile ambacho dawa inafanya kweli: "Hushusha homa na kutuliza maumivu. Mafua yenyewe huchukua wiki moja hivi." Ukitaka kuitaja dawa kwa jina, tangazo lipate kwanza kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Njia nyepesi ni kutangaza huduma: kupima joto bure na kuongea na mfamasia.

Kosa kubwa zaidi ni "nunua mbili, upate moja bure" kwa dawa za mafua za mchanganyiko. Nyingi zina parasetamoli ndani, na mteja hajui. Chukua mtu mzima anayemeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500 mara nne kwa siku. Hiyo ni gramu 4, na ndiyo mwisho wake. Akiongeza dawa ya ofa yenye miligramu 500 kwa kidonge, mara tatu, amefika gramu 5.5. Ini linaweza kuanza kuumia, naye siku ya kwanza anaweza asihisi chochote. Kwa hiyo kabla ya kutoa dawa muulize, "Tangu asubuhi umeshameza nini?" Kisha andika kwa kalamu juu ya pakiti: "Ina parasetamoli, usiongeze nyingine."

Punguzo liwe kwenye kipimajoto, tishu, matone ya maji ya chumvi ya puani na asali. Kwenye chupa ya asali bandika onyo kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya botulizimu.

Kila mfuko utie na kadi ndogo ya dalili za hatari kwa mtoto. Mzazi ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au akipata degedege. Kadi hii apewe hata aliyekuja kununua tishu tu, maana mgonjwa huenda amebaki nyumbani.