PV ya mafuta inaruka tanki moja leo 4 keshokutwa 11, FFA imetulia: sisi tulilikuta wapi tatizo

"Wakuu naomba msaada. Tunakamua alizeti kiwanda kidogo, FFA yetu 1.1 kila siku haisogei, ila PV ya tanki lilelile leo inasoma 4 keshokutwa 11. Ni vipimo vibovu au mafuta yameharibika kweli? Na kwa hiyo FFA nzuri si tunaweza kuuza tu?"

Mkuu usiuze kwanza, na usimwage pia. Kwetu ilitokea hivihivi na jibu lilikua vyote viwili, kipimo kilikua kinadanganya na tanki nalo lilikua linaharibu mafuta, ndo maana ilituchukua muda kuelewa.

Nianze na hiyo FFA maana inawachanganya wengi. FFA ni asidi zilizoachia kutoka kwenye mafuta yenyewe, na kinachoziachia ni unyevu pamoja na vimeng'enya vya mbegu. Mbegu ikikaa mbichi au ikanyeshewa ghalani, kazi hiyo inafanyika humohumo ndani ya mbegu kabla hata hujaiweka kwenye mashine. Ukishakamua ukachuja na mafuta yakawa makavu, FFA inakaa palepale wiki na wiki. Kwahiyo 1.1 yako inakwambia mbegu zilikua nzuri, basi, haikwambii chochote kuhusu kilichotokea ndani ya tanki. PV, yaani kipimo cha peroksaidi, ndo inasema habari ya hewa, oksijeni iliyokwisha kushikamana na mafuta, na hiyo inapanda kila siku kutegemea joto, mwanga, hewa na chuma gani mafuta yanagusa. Ndo maana moja imetulia na nyingine inakimbia, hazifuatani.

Sasa anza na kipimo chenyewe. Swali la kwanza, mnafanya blanki? Yaani flaski yenye kila kitu isipokua mafuta. Sisi tulikua tunaifanya mara moja kwa wiki tunaandika ile namba alafu tunaitumia siku zote, kosa kubwa sana lile. Peroksaidi za mafuta zinaachisha ayodini toka kwenye potasiamu ayodaidi, na thayosulfeti ndo inaihesabu hiyo ayodini. Hesabu iko hivi, S ni mililita za thayosulfeti zilizotumika kwenye sampuli, B za blanki, N nguvu ya thayosulfeti na W gramu za mafuta:

```
PV = (S - B) x N x 1000 / W
```

Siku moja kijana wa maabara kapima gramu 5.00 za mafuta, thayosulfeti ya 0.01 N ikaenda 5.9 ml, blanki ya kwenye daftari ilikua sifuri, akaandika 11.8. Nikamwambia weka blanki sasa hivi na dawa hizohizo, ikala 2.4 ml! Blanki ya namna hiyo hata ukiitoa kwenye hesabu usiiamini, unamwaga dawa. Tukatengeneza potasiamu ayodaidi mpya, blanki ikashuka 0.1 na sampuli ileile ikala 3.6, ukipiga hesabu inatoka 7.0. Karibu pointi tano zilikua za dawa tu, hazikua za mafuta.

Kilichoharibika ni ile ayodaidi. Inatakiwa iwe imekolea kabisa, yaani chumvi kidogo ibaki chini haijayeyuka, ikae kwenye chupa nyeusi gizani, na mtengeneze kidogokidogo ya kutumia siku hiyo. Ikikaa mwangani na hewani inaachia ayodini yenyewe bila mafuta, na thayosulfeti haijui tofauti, inahesabu yote. Kuijua ni rahisi, weka nusu mililita ya ayodaidi kwenye 30 ml ya ule mchanganyiko wa asidi asetiki na kiyeyusho, dondoshea matone mawili ya wanga, ikigeuka bluu na bluu hiyo haiondoki kwa tone moja la thayosulfeti ya 0.1 N, mwaga tengeneza nyingine.

Kitu cha pili ni dakika. Ukishaweka nusu mililita ya ayodaidi kwenye mafuta yaliyoyeyushwa kwenye ule mchanganyiko unatikisa dakika moja kwa saa, sio "dakika moja hivi", alafu hapohapo 30 ml za maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, unaanza kutaitreti, yaani kudondoshea thayosulfeti mpaka rangi iishe. Humo ndani kuna asidi, na hewa yenyewe inaendelea kuachisha ayodini, kwahiyo aliyepokea simu akarudi dakika ya nne anapata namba kubwa kuliko mwenzake na wote wawili wanaapa wamefuata karatasi. Sisi sasa kuna saa ya ukutani juu ya bureti na mtu mmoja hashiki flaski mbili kwa wakati mmoja.

Kama kiyeyusho chenu ni isookteni badala ya kloroformu (sisi tulihamia huko kwa ajili ya mapafu ya watu, ila inashika moto kwahiyo hakuna jiko humo) jueni mwishoni inachelewa, rangi imejificha kwenye tabaka la juu, usipotikisa kwa nguvu na kusubiri kidogo kati ya matone unasimama mapema au unapitiliza. Wanga unaweka njano ikibaki hafifu tu, usiweke mwanzo.

Na thayosulfeti pia inachoka ikikaa, hasa ile nyepesi ya 0.01. Ikipungua nguvu zinaenda mililita nyingi zaidi na wewe bado unaandika 0.01 kwenye hesabu, PV inaonekana juu. Sodiamu haidroksaidi ya FFA ina ugonjwa huohuo, inavuta kaboni daioksaidi ya hewani. Sisi tunatengeneza 0.1 N ya thayosulfeti, tunaipima nguvu kwa potasiamu daikromati, alafu asubuhi ya kazi tunachukua kidogo tunaizimua mara kumi. Ya jana hatutumii.

Haya, dawa zikanyooka, tukabaki na 7.0 ya kweli. Kwa mafuta ya kukamua bila kusafishwa Codex, viwango vya chakula vya kimataifa, inaruhusu PV mpaka 15, na yaliyosafishwa mpaka 10, kwahiyo kwenye karatasi tulikua tumepita (angalia na kiwango cha nchi yako, ndicho kitakachokukamata). Ila mimi sikuridhika kabisa, maana mafuta yanayotoka tankini na 7 bado yana safari ya dumuni, dukani na jikoni kwa mtu. Tukaamua kufuata mafuta hatua kwa hatua siku hiyohiyo. Yanayotoka kwenye mashine ya kuchuja yalisoma 2.1. Mwisho wa bomba yanapoingia tankini 2.4. Tankini baada ya siku tano, 7.0. Alafu tukafanya kitu ambacho nakuomba na wewe ufanye kwasababu hakina gharama na kinamaliza ubishi: tulijaza chupa ya kahawia mafuta yaleyale ya kwenye chujio, tukaijaza mpaka shingoni pasibaki hewa, tukaifunga tukaiweka pembeni ya tanki siku hizohizo tano. Ikasoma 2.9. Mafuta yaleyale, joto la chumba kilekile, chupa 2.9 tanki 7.0. Hapo hakuna tena wa kusema mbegu.

Tukapanda juu ya tanki kuangalia. Bomba la kuingizia lilikua limeishia juu kabisa, mafuta yanadondoka zaidi ya mita moja yakiwa bado ya moto kutoka kwenye kikamulio, yanapiga povu kama sabuni, na povu ni hewa hiyo mkuu, unaichanganya mwenyewe. Chini kulikua na sentimita kadhaa za mafuta ya awamu iliyopita ambayo hatukuwahi kuyamaliza, hayo ya zamani tayari yana peroksaidi na yanaharakisha mapya. Na koki ya kutolea ilikua ile ya manjano ya brasi. Brasi ina shaba ndani, na shaba hata kidogo sana inaendesha uharibifu huu kuliko hata chuma cha kawaida.

Hiyo koki ndo iliyonifumbua macho kuhusu namba zinazoruka, na nahisi hata kwako ipo. Mafuta yaliyolala ndani ya koki usiku kucha ndo mabaya kuliko yote tankini. Mmoja wetu alikua anafungua koki anakinga papohapo, mwingine anaacha kwanza yamwagike kwenye ndoo ndo anakinga. Tulipojaribu makusudi asubuhi moja, kikombe cha kwanza kilisoma 10.6 na baada ya kutoa lita mbili kikasoma 6.8, tanki moja, dakika tatu tofauti. Kama vijana wako wanapokezana zamu, waulize kila mmoja anakinga vipi kabla hujalaumu bureti.

Tulichofanya, bomba la kuingizia tukalishusha mpaka karibu na sakafu ya tanki ili mafuta yapande taratibu bila kudondoka, tukaweka koki ya stenlesi, tunaacha mafuta yapoe kwanza kabla ya kuingia, na tanki linakaushwa kabla ya awamu mpya. Baada ya bomba peke yake siku tano zilisoma 4.9, baada ya koki na kukausha zikasoma 3.3. Sampuli sasa inakingwa baada ya kutoa lita mbili, kwenye chupa ya kahawia iliyojaa, inapimwa siku hiyohiyo.

FFA usiiache lakini. Gramu 28.2 za mafuta, alkoholi ya moto uliyoisawazisha kabla kwa fenolfthalini mpaka pinki hafifu, alafu sodiamu haidroksaidi ya 0.1 N, hapo mililita ukigawa kwa kumi ndo asilimia moja kwa moja kama asidi oleiki, kwahiyo 1.1 yako ni 11 ml. Yakishavuka asilimia 1 vizuri chukua gramu chache, 7.05, na unazidisha mililita kwa 0.4. Codex kwa mafuta ya kukamua inaishia asidi valyu 4.0, ambayo ni karibu 2 kwa hesabu ya FFA, hivyo upande huo una nafasi.

Tahadhari moja kuhusu PV ndogo. Peroksaidi hazikai milele, zinavunjika, hasa mafuta yakipashwa moto sana, na zikivunjika ndo inatoka ile harufu. Mafuta yaliyozeeka yanaweza kusoma PV 3 na yananuka kama rangi ya kupaka ukutani, kwahiyo ukiletewa mafuta usiyojua historia yake usiyapokee kwa PV peke yake, pasha kidogo kwenye kikombe ufunike, funua unuse. Kwa mafuta yako mwenyewe unayoyapima toka kwenye chujio PV inatosha kwasababu unaiona ikipanda.

Fanya blanki leo na ile chupa ya kahawia anza nayo leo pia, alafu weka namba hapa pamoja na nguvu ya thayosulfeti na gramu ulizopima tuzipigie hesabu.