PivotTable ya Excel inaishia mwezi wa Mei

Swali: «Nimeingiza mauzo ya Juni chini ya yale ya zamani, nikabonyeza Refresh, lakini PivotTable bado inaishia Mei. Tatizo liko wapi?»

Mimi hutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na hali hiyo naijua vizuri. PivotTable haisomi shiti yako moja kwa moja, bali husoma nakala ya data iliyohifadhiwa kando, na Refresh huiandika upya nakala hiyo kutoka katika eneo lililotajwa kuwa chanzo. Kwa hiyo, badilisha kwanza tarakimu moja ya Mei, kisha ubonyeze Refresh. Jumla ya Mei ikibadilika, Refresh inafanya kazi yake na kasoro iko kwenye eneo la chanzo. Usirudishe tarakimu ya awali kabla hujalithibitisha hilo.

Bofya ndani ya PivotTable, nenda PivotTable Analyze, kisha Change Data Source. Kwangu palikuwa pameandikwa hivi:

```
Mauzo!$A$1:$F$412
```

Mauzo ya Juni yalianzia mstari wa 413, yaani nje ya mpaka, na Excel haikutoa onyo lolote kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na kosa. Ungeweza kuandika 437 badala ya 412, lakini Julai ungerudia kazi ileile. Wapo wanaochagua safu wima nzima, A hadi F; mistari mipya huonekana kweli, ila huja pamoja na kipengele cha (blank), nami sipendi ripoti ya namna hiyo.

Njia ninayoitumia ni kuigeuza data iwe jedwali rasmi. Simama ndani ya data, bonyeza Ctrl+T, hakikisha My table has headers imewekewa tiki, kisha katika Table Design lipe jina, kwa mfano tblMauzo. Baada ya hapo rudi Change Data Source na uandike tblMauzo mahali pa anwani ya zamani, kwani hatua hii ikirukwa PivotTable inaweza kubaki imeshikilia mpaka wake wa awali.

Tangu hapo, mstari unaouandika moja kwa moja chini ya jedwali huingizwa ndani yake. Ukiacha mstari mtupu katikati, au ukiandika chini ya Total Row, hautaingia. Tazama alama ndogo kwenye kona ya chini kulia ya jedwali, ndiyo inayoonyesha mwisho wake halisi.

Refresh bado ni lazima, kwa sababu jedwali hupanua chanzo tu. Alt+F5 huhuisha PivotTable uliyosimama ndani yake, na Ctrl+Alt+F5 huhuisha zote. Ukitaka ijihuishe faili linapofunguliwa, ingia PivotTable Options, kichupo cha Data, uweke tiki kwenye Refresh data when opening the file; hata hivyo, mistari utakayoiongeza baada ya kulifungua itasubiri Refresh nyingine.