Sahani ngapi za chipsi kwa wiki?

"Nataka kufungua kibanda cha chipsi mayai. Niuze kwa watu wangapi kwa wiki ili gharama zirudi na mimi nilipwe?"

Ndugu, mchangiaji mmoja amekwambia sahani 44, lakini amegawa gharama za wiki kwa bei nzima ya sahani. Gawa kwa kinachobaki. Ukiuza sahani moja shilingi 2,500, na viazi, mayai mawili, mafuta na mkaa vikala 1,500, mkononi inabaki 1,000 tu.

Sasa jumlisha vya wiki: pango 14,000, kijana wa kumenya 30,000, maji na taka 6,000, na ujira wako 60,000, yaani 10,000 kwa siku sita. Usiuruke huo wa mwisho, nakusihi. Mimi niliuruka nikafanya kazi miezi bila hata nauli. Jumla 110,000, kwa hiyo sahani 110, kama 19 kwa siku.

Viazi vikipanda, ikabaki 800, unahitaji 138.

Kabla ya kulipa pango, kaa jioni mbili karibu na kibanda cha jirani, uhesabu sahani zinazotoka. Siku ya mvua pia.