Kurudia "mzigo" kwa sekunde 30: kwa wanaoanza kazi ya unasihi Dodoma

Zoezi hili mtalikuta mapema, iwe mko kwenye mafunzo Mirembe, kwenye ofisi za ushauri za vyuo au kwenye kituo cha afya wilayani. Linaonekana jepesi kiasi kwamba wengi hulifanya vibaya. Mteja anarudia kwa haraka neno moja linalomuuma hadi neno hilo libaki sauti tu. Lengo ni kulibandua wazo. Kwa kawaida wazo chungu hutugandia, tukaona dunia kupitia kwake bila kujua kwamba lipo. Likibanduka, maneno yake ni yaleyale, lakini sasa mtu analiona kuwa ni kitu kinachopita kichwani.

Msingi wake ni wa zamani. Mwanasaikolojia Titchener alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba neno likirudiwa sana hupoteza maana kwa muda. Steven Hayes wa Chuo Kikuu cha Nevada na wenzake wakaja kulitumia jambo hilo katika tiba inayomfundisha mtu kuyapokea mawazo yake na bado afanye lililo muhimu kwake.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana sapu mbili. Hapokei simu za nyumbani na ameacha kuingia darasani. Ukimuuliza anasema, "Nahisi mimi ni mzigo kwa wazazi." Lisikilize vizuri hilo "nahisi". Siku hizi tunalitumia mahali pa "nadhani", na hapo wazo linavaa nguo za hisia. Hisia yake pengine ni aibu au hofu. "Mimi ni mzigo" ni sentensi iliyomjia kichwani. Vitenganishe hivyo viwili kwanza, maana zoezi linafanya kazi kwenye sentensi, halifuti aibu.

Jihadhari pia na neno "mawazo". Mtu akisema "nina mawazo" anamaanisha ana msongo. Ukimwambia "tazama mawazo yako" atakueleza matatizo yake yote, kuanzia ada hadi kodi ya chumba. Muulize hivi: "Wazo hilo likikujia, linasema maneno gani hasa?" Andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha mchague pamoja neno moja linalobeba uchungu. Hapa ni "mzigo". Sentensi nzima haifai, kwa sababu ulimi hauwezi kuikimbiza.

Kabla ya kuanza, chukua vipimo viwili vya 0 hadi 100: wazo linauma kiasi gani, na analiamini kiasi gani. Tuseme anakupa 80 na 90. Usiviunganishe, sababu utaiona mbele kidogo.

Sasa anza na neno lisilo na uchungu. Vitabu vinatumia "maziwa", lakini kwa Kiswahili neno hilo lina maana kadhaa na moja inaweza kuwaletea aibu wewe na mteja, hasa kama ni mama wa makamo uliyemwamkia shikamoo dakika tano zilizopita. Hapa kwetu "ubuyu" linatosha. Mwambie aseme "ubuyu" mara moja na aeleze kinachokuja: unga, uchachu, mate yanayojaa mdomoni. Kisha muda uanze, aseme ubuyu-ubuyu-ubuyu kwa sauti, haraka kadiri anavyoweza bila kulimeza neno, kwa sekunde 30. Fanya naye, la sivyo atajiona mjinga. Mwishoni muulize uchachu umeenda wapi. Wengi hucheka na kusema wamebaki na "yububu" tu. Usihubiri hapo. Mwache aone mwenyewe kwamba neno lilimletea mate bila ubuyu kuwepo.

Ndipo mnakwenda kwenye "mzigo", sekunde 30 zilezile. Usikatishe mapema. Utafiti wa Masuda na wenzake wa mwaka 2009, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo, ulionyesha kwamba maumivu hushuka ndani ya sekunde 3 hadi 10, lakini kuliamini wazo hushuka zaidi baada ya sekunde 20 hadi 30. Anayeacha kwenye sekunde ya tano hupata nafuu, ila sentensi inabaki imeganda palepale. Pima tena. Akikuambia 45 na 60, hiyo ni kazi nzuri. Sifuri hatuitafuti.

Jambo dogo la mahali: vyumba vyetu vingi vina kuta nyembamba na foleni iko mlangoni. Mtu hawezi kupaza "mzigo, mzigo" huku majirani wanasikia. Tokeni mkakae chini ya mti, mbali na benchi la wagonjwa.

Zoezi la mezani halimfuati mteja hadi hosteli, kwa hiyo mpe namna ya kulisema wazo likirudi. Tafsiri ya kawaida ni "nina wazo kwamba mimi ni mzigo". Sisi hatuipendi, maana "nina wazo" ni lugha ya mtu anayetoa pendekezo kikaoni. Kiswahili kina njia bora: wazo humjia mtu. Aseme, "Limenijia lile wazo linalosema mimi ni mzigo." Tayari sarufi imelifanya mgeni. Kuna pia zoezi la kuweka mawazo juu ya majani yanayoelea mtoni, lakini kwa aliyekulia Bahi au Chamwino, ambako korongo ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, malori yanayopita barabara ya Morogoro yanaeleweka haraka zaidi. Analiona linakuja, linapita, na hadandii.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuligeuza zoezi kuwa ufagio. Mteja anarudi wiki ya pili: "Halijafanya kazi, limerudi." Hapo ujue alilitumia kufukuza, na wazo linalofukuzwa huzoea kurudi. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilionyesha hilo mwaka 1987 kwa kuwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Usimuulize kama wazo limeondoka. Uliza lilipokuja alifanya nini. Kama lilikuja naye akapiga simu nyumbani, au akaenda kuulizia ratiba ya sapu huku likimsindikiza, limebanduka, hata kama bado linauma kwa 50.

Kosa la pili ni kubishana. Ukisikia "lakini ni kweli, wameuza ng'ombe kwa ajili yangu", usianze kuthibitisha kwamba yeye si mzigo. Ng'ombe kweli wameuzwa. Muulize: "Ukiishika sentensi hiyo siku nzima, inakupeleka darasani au inakurudisha kitandani?" Na kuna mteja anayeitikia "sawa, nimeelewa" kwa heshima tu. Mwombe akuonyeshe atakavyolisema wazo, nawe nyamaza usikilize.

Kuna mahali pa kutolitumia kabisa. Aliyefiwa juzi, au aliyefanyiwa ukatili, ukimrudishia neno lake kwa kasi ataona unamdhihaki. Ada isiyolipwa ni tatizo la kutatua, mwende kwa mlezi wa wanafunzi. Na neno "mzigo" lenyewe, kabla hujalichezea, lina swali la lazima: "Kuna wakati unafikiri ingekuwa afadhali usiwepo, au umefikiria kujiua?" Uliza hivyo waziwazi. Jibu likiwa ndiyo, zoezi linasubiri. Usimwache peke yake, mwite msimamizi wako, na mpelekeni anakoweza kuonwa siku hiyohiyo.