Barua kwa mwanangu: maneno ya chini ya picha ya dada yako

*"Mama, Jumamosi, dada akiolewa, nataka kuweka picha yake Instagram na maneno mafupi ya kumpongeza na kukumbusha tulikotoka. Nikiandika kidogo inafanana na kadi ya dukani, nikiandika sana inageuka hotuba. Nianzie wapi?"*

Mwanangu mpendwa,

Anzia kwenye jambo moja dogo ambalo dada yako alikufanyia wewe na hakumfanyia mtu mwingine. Likishapatikana hilo, maneno hayatakusumbua.

Rasimu uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Umeandika: "Leo ni siku ya furaha tele kwa dada yangu kipenzi, mrembo, mcha Mungu, mwenye upendo. Umetuacha na pengo kubwa. Mungu awatangulie." Yote ni kweli, lakini ukimpa jirani anaweza kuibandika chini ya picha ya dada yake bila kubadili neno. Sifa za namna hiyo zinamfaa kila bibi harusi, kwa hiyo msomaji anazipitia tu. Kuna tatizo kubwa zaidi: "umetuacha" na "pengo" ni maneno tuliyozoea kuyasikia kwenye matangazo ya vifo. Mtu akisoma haraka, kabla hajaiona picha vizuri, moyo utamruka. Dada yako anaolewa, hajafiwa wala hajafa. Hayo mawili yaondoe leo hii.

Sasa tafuta lile jambo dogo. Usijiulize "dada ni mtu wa namna gani", maana jibu litakurudisha kwenye sifa zilezile. Jiulize mikono yake ilikuwa inafanya nini ulipokuwa naye. Kila Januari, shule zilipokaribia kufunguliwa, alikuwa anakaa sakafuni na rundo la madaftari yako na karatasi ya kaki. Anakata, anakunja pembe, anabana, kisha kwenye kila jalada anaandika jina lako, darasa na somo. Wewe mwandiko wako ulikuwa unapanda na kushuka, ndiyo maana hukutaka mtu mwingine akuandikie. Hiyo kumbukumbu ina kitu cha kushika, ina kitendo, na ni ya kwenu wawili.

Sababu ya pili ya kuichagua ni kwamba inakutana na siku yenyewe. Jumamosi, baada ya viapo, atainama mezani aandike jina lake kwenye cheti cha ndoa. Mkono ni uleule. Kumbukumbu nzuri isiyogusa lolote la siku ya harusi inabaki hadithi ya utotoni tu, na utalazimika kuongeza sentensi tatu za kuiunganisha. Hii imejiunganisha yenyewe.

Ningeandika hivi:

"Uliniandikia jina kwenye kila daftari. Leo nimekuona ukiandika lako kwenye cheti cha ndoa. Najivunia kuwa mdogo wako, Dada."

Ni sentensi tatu na maneno 18. Kwa herufi, ukihesabu na nafasi, ni 123. Idadi hiyo ina maana yake. Instagram inakuruhusu kufika herufi 2,200, lakini mtu anayepitisha kidole huonyeshwa takriban 125 za mwanzo, nyingine zinafichwa mpaka aguse kufungua. Wengi hawagusi. Ukianza na "Bwana Yesu asifiwe ndugu, jamaa na marafiki, siku ya leo ni siku ya kipekee sana", nafasi imeishia kwenye salamu na dada yako hajatajwa.

Angalia pia kwamba nimemsemesha yeye, sikumsimulia. Kwenye rasimu yako umeanza na "kwa dada yangu", kana kwamba unaongea na wageni, halafu ghafla "umetuacha", unaongea naye. Chagua upande mmoja. Mimi nachagua kumsemesha, kwa sababu kaka akizungumza na dada yake mbele ya watu, watu watasikiliza. Akiwaeleza watu habari za dada yake, inageuka taarifa.

Neno "najivunia" nimeliweka mwisho kwa makusudi. Likitangulia linakuwa dai ambalo msomaji bado hajaona sababu yake. Likifuata daftari na cheti, ameshaona mwenyewe. Wala usiliongezee "sana", "mno" au "kupita maelezo".

Utashawishika kuchomeka vitu vingine. Kisa cha yeye kuchapwa kwa sababu ya sukari uliyolamba wewe ni kizuri, lakini hakiingii katika sentensi tatu. Kiweke kwa ajili ya sendofu, ukipewa maikrofoni. Majina ya utani ya kitandani na chooni, habari za wachumba waliopita, na miaka ile tuliyokosa ada, usiyaguse kabisa. Wakwe zake watasoma, wafanyakazi wenzake watasoma, na siku ile hatakuwa na nafasi ya kujieleza kwa mtu. Kipimo changu ni hiki: kama angesita kumsomea mama mkwe kwa sauti, futa. Na shemeji yako usimtishe kwa "umtunze la sivyo". Ukitaka kumtaja, sentensi moja inatosha, nayo ikae ya mwisho: "Shemeji, karibu nyumbani." Hiyo itavuka zile herufi 125, hakuna ubaya, maana la muhimu limeshasomwa.

Picha lazima ilingane na maneno. Usiweke ile ya ukoo mzima mbele ya keki. Mwombe mpiga picha, kabla ibada haijaanza, akupatie moja ya dada yako akiwa ameshika kalamu, uso na mkono vyote vionekane. Kama hataweza, simu yako itafanya kazi, ila usisimame mbele ya wazazi wa bwana harusi. Ya pili, anayoiona mtu akitelezesha kidole, iwe ile ya zamani mliyopiga na sare za shule. Itoe kwenye nailoni ya albamu taratibu. Ikiwa imegandamana usiivute, itaacha rangi kwenye nailoni; piga hapohapo ilipo. Iweke mezani karibu na dirisha, zima taa ya simu, na ushike simu sambamba na picha. Taa hiyo ndiyo inayoleta lile doa jeupe usoni, na simu ikilala upande picha inapinda kama paa.

Maneno yaandike leo, uyahifadhi kwenye simu, lakini usiyarushe kabla hajatia saini. "Leo nimekuona" ukiituma asubuhi, wakati yeye bado anasukwa, ni uongo, na gauni litakuwa limeonekana kabla bwana harusi hajaliona. Halafu muulize kama anataka yeye awe wa kwanza kuweka picha. Mabibi harusi wengi wanapenda iwe hivyo, na kaka akimtangulia kwa dakika kumi tu, anakuwa amemnyang'anya jambo lake. Akikuruhusu, vizuri. Akisema subiri mpaka jioni, hakuna cha kubadilisha, hata jioni itakuwa bado ni leo.

Ukiamua kuiweka na kwenye Status ya WhatsApp, kumbuka inafutika baada ya saa 24. Kwa hiyo mtumie pia yeye mwenyewe moja kwa moja, maneno pamoja na zile picha mbili. Jumamosi hatashika simu, na atakapoishika Jumapili ataikuta.

Albamu ipo kabati la chumbani kwangu, rafu ya juu, chini ya vitenge.

Mama yako