Cherehani ipo, nianzie wapi?

"Nina mtoto wa miezi 8 na cherehani ya kukanyaga aliyoniachia mama. Gauni zima siwezi kushona, nitapataje hata hela ya mboga?"

Dada, magauni yaache kwanza. Mdogo wangu hapa Mbagala alianza nayo akiwa na kichanga, akaharibu kitenge cha mteja ikabidi alipe, mwezi mzima hakugusa mashine. Akarudi na marekebisho tu, kubadili zipu za sketi za shule, kukunja pindo, kubana suruali za mtumba. Zipu ananunua dazeni Kariakoo, kazi moja anachaji 2,000, akitoa zipu na uzi anabaki na kama 1,300, na inaisha mtoto akiwa amelala.

Kilichomsumbua ni jinzi, mshono ulikuwa unarukaruka akadhani mashine imekufa kumbe sindano namba 14 ni nyembamba mno, akaweka 16 ikatulia, na kwenye pindo nene hakanyagi, anazungusha gurudumu kwa mkono taratibu.

Halafu nusu ya hela chukua mtu anapoleta nguo, maana kwa mdogo wangu nguo zilikuwa zinalala ndani wiki mbili wenyewe hawaonekani. Januari shule zikifunguliwa ndo kazi zinajaa, Februari kunapoa kabisa.